Kodi kwa tarehe sita

Dar es Salaam mpangaji wa chumba kwa kawaida hadaiwi kodi mwezi kwa mwezi. Hulipa ya miezi sita kwa mkupuo, wengine ya mwaka mzima, na baada ya hapo hukaa kwa utulivu mpaka mkataba ukaribie kuisha. Ndiyo maana shida ya kodi katika jiji hili huja kwa namna yake. Kwa miezi mitano mtu hadaiwi na yeyote, ghafla wiki tatu zinamtosha kujua kwamba anahitaji laki saba ambazo hana. Hapo ndipo watu hukimbilia mambo mawili. Wapo wanaozima simu na kuanza kutoka nyumbani alfajiri ili wasikutane na mwenye nyumba. Wapo wanaoandika barua.

Barua nyingi za aina hiyo nimezisoma, maana rafiki yangu mmoja huziandika. Alikuwa katibu mahsusi serikalini miaka mingi, na alipostaafu alifungua steshenari ndogo Tandika: kompyuta moja, printa, mashine ya kutoa kopi, na benchi nje kwa wanaosubiri. Watu humwita Bi Katibu. Huchapa maombi ya kazi, mikataba ya kuuziana viwanja, na barua za wapangaji. Katika barua hizi za mwisho ana ufundi ambao sijauona kwa mtu mwingine, na nataka nieleze barua moja tu jinsi ilivyotengenezwa, kwa idhini ya mwenyewe aliyeandikiwa.

Mwenyewe ni mama mshonaji. Anakaa chumba na sebule, kodi shilingi 120,000 kwa mwezi, na cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu huiweka barazani. Ana watoto wawili, na anaishi na mdogo wake wa kiume anayeendesha bodaboda ya mtu. Katikati ya Agosti aligongwa akivuka barabara, mfupa wa mguu wa kulia chini ya goti ukavunjika. Akafungwa plasta. Mkataba wake ulikuwa unaisha tarehe 30 Septemba, na baba mwenye nyumba alikuwa akitarajia 720,000 za Oktoba hadi Machi.

Mwanzoni mwa Septemba alifika steshenari kwa magongo, mkononi ana karatasi ya daftari. Alikuwa ameandika mwenyewe. Ilikuwa barua ya heshima na ya kweli, kama zilivyo nyingi. Ilisema kwamba husika na kichwa cha habari hapo juu, yeye ni mpangaji wako wa muda mrefu, amepatwa na ajali, hali ya maisha imekuwa ngumu sana, hivyo anaomba umfikirie kwa jicho la huruma, naye atalipa mara tu Mungu atakapomjalia.

Bi Katibu aliisoma mara mbili. Kisha akamuuliza swali moja: "Mwanangu, mzee akishamaliza kusoma hii, ataandika nini kwenye daftari lake?"

Mama akanyamaza. Jibu lilikuwa dhahiri. Mzee hangekuwa na cha kuandika. Barua ilimpa huzuni ya mtu mwingine na haikumpa tarehe hata moja wala kiasi hata kimoja. Mwenye nyumba anayepokea barua ya namna hiyo hawezi kukubali wala kukataa, kwa sababu hajaletewa jambo la kukubali au kukataa. Anachoweza ni kuwa na hofu, na mwenye nyumba mwenye hofu humpigia dalali.

Basi Bi Katibu hakuigusa kompyuta siku hiyo. Alichukua karatasi safi akaanza kuuliza, na hapa ndipo ufundi wake ulipo. Barua ya kuomba nafuu ya kodi huandikwa kwanza kama hesabu, ikawa lugha mwishoni kabisa.

Aliuliza kwanza nini kinaingia leo. Mama alikuwa hawezi kukanyaga cherehani, lakini mikono ilikuwa mizima. Alikuwa akipokea kazi za mkono kutoka kwa mafundi wenzake: kukunja pindo, kutia vifungo, kudarizi vitambaa vya makochi. Zilimpa kama 35,000 kwa wiki, yaani 140,000 kwa mwezi. Chakula cha nyumbani alikileta mdogo wake kila siku. Kwake yeye zilibaki LUKU, maji, nauli za watoto na kwenda kliniki, jumla 60,000. Zilibaki 80,000.

"Basi andika nitampa 80,000 kila mwezi mpaka nipone," mama alisema.

Bi Katibu akakataa, na sababu aliyotoa naikumbuka kila nikisikia mtu akiahidi pesa. Mwezi ambao kila kitu kinakwenda sawasawa utalipa 80,000. Mwezi ambao mtoto anaumwa, au fundi mmoja anachelewesha malipo ya wiki, utalipa 65,000. Mwenye nyumba hataona kwamba umejitahidi kupata 65,000. Ataona kwamba umevunja ahadi ya 80,000 mwezi wa pili tu. Ukiahidi 60,000 ukalipa 60,000, umetimiza. Akaandika 60,000, nusu kamili ya kodi, na akahakikisha kila mwezi mama anabaki na angalau 20,000 ambazo barua haizijui.

Swali la pili lilihusu mwisho wa shida. Mwenye nyumba anaweza kuvumilia shida yenye mwisho. Kadi ya kliniki ilionyesha plasta itatolewa mwishoni mwa Septemba, na daktari alikuwa amemwambia asubiri wiki sita zaidi kabla ya kuutumia mguu huo kwa kazi ya kukanyaga. Hiyo inaangukia katikati ya Novemba. Kwa hiyo nafuu inayohitajika ina mipaka: Oktoba na Novemba ni nusu, na Desemba ni mwezi wa kurudi kwenye kodi kamili.

Swali la tatu lilihusu pesa ya kufidia itatoka wapi. Mama alikuwa na jibu tayari, na lilikuwa zuri. Shule hufunguliwa Januari. Kuanzia Desemba wazazi huleta vitambaa vya sare, na huo ndio msimu wa mshonaji kuvuna. Akasema kwa uhakika kwamba tarehe 1 Desemba atalipa 180,000, yaani kodi ya mwezi na nusu, na tarehe 1 Januari vilevile, deni liwe limekwisha.

Bi Katibu akaomba daftari la oda la mwaka uliopita. Siku iliyofuata lililetwa, na mambo mawili yakaonekana. La kwanza ni tarehe. Oda za sare zilianza kuingia wiki ya kwanza ya Desemba, na wazazi wengi walimalizia malipo walipochukua nguo, karibu na sikukuu na baada yake. Tarehe 1 Desemba pesa hiyo inakuwa bado haijafika. Ingekuwa kuahidi kulipa mwanzo wa mwezi kwa fedha za mwisho wa mwezi huohuo, kosa ambalo Bi Katibu anasema hulikuta karibu katika kila mpango unaoletwa kwake. Watu huhesabu mwezi wa kupata pesa, wakasahau kuhesabu siku.

La pili ni kiasi. Desemba iliyopita mama alipata 420,000 baada ya kutoa gharama za kazi, na Januari 360,000. Bi Katibu hakuzichukua hivyo. Mwaka huu mguu utakuwa mgeni, na huenda baadhi ya wateja wameshamhama. Akachukua theluthi mbili: 280,000 na 240,000. Ukitoa 60,000 za matumizi, Desemba inabaki na 220,000 na Januari 180,000. Desemba ingeweza kubeba malipo ya 180,000 ya tarehe 1 Januari na ikabakiwa na kitu. Januari, kama ingetakiwa kulipa 180,000 tarehe 1 Februari, isingebakiwa na hata senti. Hivyo fidia iliyobaki ikagawanywa mara mbili, Februari na Machi, 30,000 kila mwezi.

Ilibaki tarehe 1 Desemba yenyewe. Hapo inatumika pesa ya Novemba: kazi za mkono 140,000, na wiki mbili za mwisho ambazo mguu umeruhusiwa, alizozihesabia 60,000 tu. Jumla 200,000, toa matumizi, zinabaki 140,000. Kodi kamili ya 120,000 inaingia, na 20,000 zile zinabaki mahali pake.

Mpango ukawa huu: Oktoba 60,000, Novemba 60,000, Desemba 120,000, Januari 180,000, Februari 150,000, Machi 150,000. Ukijumlisha unapata 720,000, ileile ambayo mzee angeipata kwa mkupuo. Hakuombwa kupunguza hata shilingi. Na kuna jambo jingine ambalo Bi Katibu alilipigia mstari kwa kalamu nyekundu: hata ukihesabu kwamba kila kodi inapaswa kulipwa siku ya kwanza ya mwezi, hakuna siku ambayo mama angedaiwa zaidi ya 120,000. Hatari yote ya mwenye nyumba ni kodi ya mwezi mmoja, nayo inaanza kupungua tarehe 1 Januari. Mpango unaoweza kusema hivyo unasomeka kwa macho tofauti kabisa na mpango unaoliacha deni likue mpaka miezi minne halafu ukaahidi kulifuta lote siku moja.

Ndipo alipouliza swali ambalo wengi hatungelifikiria. "Mzee hii kodi huifanyia nini?"

Mama alijua. Mzee ni mstaafu, ana kibanda chake Chanika anachokimalizia kidogokidogo, na kodi ya mara ya mwisho ilinunua bati. Tena ana mjukuu anayesoma sekondari ya bweni, na Januari huwa nzito kwake. Habari hizo zilibadilisha barua. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi sita huwa ameshaipangia kazi kabla haijafika. Kumwomba alipwe kwa awamu ni kumwomba asimamishe jambo lake, na barua ambayo hailitambui hilo humfanya ajione kama mtu ambaye shida yake haihesabiwi.

Hii hapa barua kama ilivyotoka kwenye printa, bila majina na anwani:

"Mzee wangu, shikamoo.

YAH: OMBI LA KULIPA KODI YA OKTOBA HADI MACHI KWA AWAMU

Mkataba wangu unaisha tarehe 30 Septemba, na ningependa kuendelea kukaa. Kwa kawaida ningekuletea 720,000 za miezi sita kabla ya tarehe hiyo. Safari hii sitaweza, na nimeona nikuambie mapema.

Tarehe 14 Agosti nilivunjika mguu. Plasta itatolewa mwishoni mwa Septemba, na daktari ameniruhusu kurudi kwenye cherehani katikati ya Novemba. Nakala ya kadi ya kliniki imeambatanishwa. Kwa sasa ninafanya kazi za mkono, na ndizo zitakazolipa miezi ya mwanzo.

Naomba kulipa hivi, kila tarehe 1 ya mwezi: Oktoba 60,000, Novemba 60,000, Desemba 120,000, Januari 180,000, Februari 150,000, Machi 150,000. Jumla ni 720,000. Katika muda wote huo deni halitazidi kodi ya mwezi mmoja. LUKU na maji nitaendelea kuchangia kama kawaida.

Najua kodi hii huwa umeipangia shughuli zako, na kwamba Januari ina mahitaji ya shule. Kama kuna tarehe ambayo ingekufaa zaidi, naomba uniambie tuone. Ikitokea siku nitachelewa, nitakuarifu siku tatu kabla, na nitakutajia siku ya kulipa.

Kama mpango huu haukufai kabisa, naomba nijue kabla ya tarehe 20 Septemba ili nijipange bila kukusumbua. Kuanzia Aprili naomba tuzungumze upya kuhusu mkataba.

Nakushukuru kwa miaka minne niliyokaa kwako kwa amani.

Mpangaji wako."

Isome tena uone vilivyoachwa. Hakuna watoto ndani yake, ingawa wapo na mzee anawafahamu. Hakuna maelezo ya maumivu, wala gari lililomgonga, wala gharama za hospitali. Bi Katibu alivitoa vyote kwa sababu mzee hawezi kufanya lolote navyo. Ajali ilipewa sentensi moja, na sentensi iliyofuata ilieleza shida inaisha lini. Kadi ya kliniki iliambatanishwa upande wenye tarehe tu. Picha ya eksirei mama alitaka kuiweka, akaambiwa aiache nyumbani. Mzee hahitaji kuona mfupa ili aamini tarehe.

Halikuwekwa pia jambo ambalo lingekuwa na nguvu katika mabishano. Mpangaji akihama, chumba hukaa kitupu mpaka apatikane mwingine, tena ukuta hudai rangi. Mwezi mmoja wa chumba kitupu ni 120,000, kiasi kilekile cha deni la juu kabisa katika mpango huu. Mama alipoona hesabu hiyo alitaka iandikwe. Bi Katibu akamwambia kwamba mzee amepangisha miaka mingi na anaijua. Ikitoka kwa mpangaji inakuwa kitisho. Akiifikia mwenyewe akiwa na barua mkononi inakuwa busara yake.

Kuna sentensi ile inayoanza na "Kama mpango huu haukufai kabisa". Wengi huiogopa, wakidhani inamfungulia mwenye nyumba mlango wa kukataa. Mlango huo yeye anao siku zote. Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na mkataba wa kupanga ukiisha, kuendelea kunategemea makubaliano. Kinachofanywa na sentensi hiyo ni kumlinda mpangaji. Inamnunulia siku kumi za kutafuta chumba cha bei nafuu akiwa bado ndani ya muda aliolipia, badala ya kusubiri jibu mpaka mkataba umekwisha na vyombo viko nje. Pia inamweleza mzee kwamba hatabanwa. Mtu asiyebanwa husikiliza.

Salamu ya mwanzo nayo ilijadiliwa. Barua rasmi ya ofisini haianzi na shikamoo, na Bi Katibu ameandika barua rasmi maisha yake yote. Aliiweka kwa sababu mama huyu humwamkia mzee hivyo kila wanapokutana, na barua inayomwita mtu huyohuyo "Ndugu" ingesikika kama imetoka kwa wakili. Baada ya salamu, mambo yalirudi kwenye utaratibu: kichwa cha habari, tarehe, kiasi, sahihi. Heshima ya nyumbani na usahihi wa ofisini vilikaa kwenye ukurasa mmoja, na ukurasa mmoja ndio kipimo chake. Barua ya kodi ikivuka upande wa pili, anasema, mwandishi ameanza kujitetea.

Zilichapwa nakala mbili. Chini ya kila nakala kuliachwa nafasi ya mwenye nyumba kuandika maoni na kutia sahihi, na mstari wa shahidi. Hii ni kwa sababu barua peke yake ni ombi. Ikishatiwa sahihi na pande mbili inakuwa makubaliano yanayokaa juu ya mkataba wa zamani, na siku ya kutoelewana mwenyekiti wa mtaa atakuwa na cha kusoma. Mama alishauriwa asiitume kwa simu. Alipiga kuomba nafasi, akaipeleka mwenyewe mchana wa Jumamosi, pamoja na mdogo wake, akamkabidhi mzee mkononi, akaondoka bila kudai jibu hapohapo.

Mzee alijibu baada ya siku nne. Alikubali, kwa badiliko moja. Katika zile 180,000 za Januari alitaka 100,000 zimfikie tarehe 20 Desemba, kwa ajili ya maandalizi ya mjukuu, na 80,000 zibaki tarehe 1 Januari. Mama hakujibu ndiyo papo kwa papo. Alirudi kwenye daftari la oda, akaona kwamba mwaka uliopita kufikia tarehe 20 Desemba alikuwa ameshapokea pesa za sare za kutosha, hata baada ya kupunguza theluthi, akakubali. Tarehe sita zikawa saba. Mjumbe wa shina alitia sahihi ya ushahidi. Kila malipo yalipofanyika kwa simu, ujumbe ulihifadhiwa, na mzee aliandika kiasi na tarehe nyuma ya nakala zote mbili.

Mpango ulijaribiwa mara moja. Mwisho wa Januari mtoto mdogo aliugua malaria, akalazwa usiku mbili. Tarehe 29 Januari mama alimwandikia mzee: "Shikamoo mzee. Mtoto amelazwa. Ile ya tarehe 1 nitailipa tarehe 6, yote 150,000." Tarehe 6 ililipwa, yote. Mzee hakupiga simu kuuliza, kwa sababu alikuwa ameshaambiwa lini. Tarehe 1 Machi malipo ya mwisho yaliingia na hesabu ikafungwa.

Ni haki niseme pia pale ufundi huu unapofika mwisho. Si kila hesabu inatoa barua. Wiki ileile alikuja mtu mwingine ambaye kazi ilikwisha na hakuwa na tarehe yoyote ya kuanza nyingine. Bi Katibu alimuuliza maswali yaleyale, na kwa la pili hakukuwa na jibu. Akatoa matumizi kwenye kipato chake, akaona kinachobaki hakifiki hata robo ya kodi. Hakumwandikia mpango. Alimwandikia barua fupi ya kumjulisha mwenye nyumba kwamba hataendelea mkataba utakapoisha, na kumwomba ruhusa ya kuacha baadhi ya vyombo kwa wiki mbili. Mtu yule aliondoka bila deni. Angeandikiwa mpango mzuri wa uongo, angeondoka miezi mitatu baadaye akiwa na deni la miezi mitatu, na pengine kitanda na friji vikiwa vimezuiwa.

Dalili za mpango wa uongo zinaonekana kwa macho. Malipo yote makubwa yapo mwishoni. Pesa inategemea mtu mwingine alipe deni lake kwanza. Tarehe ni "mwisho wa mwezi" bila namba. Viasi ni vilevile kila mwezi kana kwamba kipato cha mshonaji, cha mvuvi na cha mwalimu huja kwa mdundo mmoja. Na baada ya kila malipo anayelipa habakiwi na kitu. Ukiona moja kati ya hizo kwenye karatasi yako, hesabu bado haijaisha, na kalamu ya barua iwekwe chini kwanza.

Kwa anayesoma haya naye mkataba wake unakaribia mwisho, ushauri wangu ni ule ninaouona kwenye benchi la steshenari ile. Andika ukiwa bado na wiki tatu za kodi iliyolipwa, kwa sababu ombi la mtu asiyedaiwa lina uzito kuliko la mtu anayedaiwa tayari. Leta daftari lako la mapato, hata kama limekunjamana. Chukua mwezi wako mbaya, utoe matumizi, utoe na akiba kidogo, na kinachobaki ndicho unachoweza kuahidi. Kitakuwa kidogo kuliko ulivyotamani. Kiandike hivyohivyo, na tarehe pembeni yake.